Kwa mnaosailiwa kwa lugha ya pili: ombeni swali lirudiwe

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Nimeketi kwenye majopo ya usaili muda mrefu, na kinachoniumiza si makosa yenu ya sarufi. Kinachoniumiza ni kumwona kijana anayeijua kazi yake akijibu kwa kujiamini swali ambalo hakuulizwa, kwa sababu aliona haya kusema hakulipata vizuri.

Juzi tulimsaili binti aliyeomba kazi ya kutunza stoo. Aliulizwa: "Tueleze kuhusu uamuzi wa msimamizi wako ambao hukukubaliana nao, na ulifanya nini." Alidaka maneno mawili, "uamuzi" na "msimamizi", akaanza kumsifu bosi wake wa zamani kwa kubadilisha utaratibu wa kupokea mizigo. Alizungumza vizuri. Lakini kila swali lina alama zake, na hadithi yake haikugusa kutokubaliana hata kidogo. Mbele yangu niliona kalamu zikiandika: hakujibu swali. Baadaye, katika maongezi mengine, alitaja kwamba aliwahi kukataa kusaini hati ya mzigo uliopungua ingawa msimamizi alimhimiza asaini. Jibu alikuwa nalo! Lilikuja wakati ukurasa umeshafungwa.

Sasa nisikilizeni. Kutopata swali kuna namna tatu, na kila moja ina ombi lake. Kama sauti haikufika, sema: "Samahani, naomba urudie swali." Kama ulisikia nusu, taja hiyo nusu: "Nimesikia sehemu ya uamuzi wa msimamizi, naomba urudie sehemu ya mwisho." Ombi la namna hii ni bora zaidi, maana msaili anaona kwamba ulikuwa unasikiliza, na anajua pa kurudia. Na kama maneno yote umeyasikia ila huna hakika na maana, usiombe kurudiwa, kwa kuwa utasomewa maneno yale yale na utabaki pale pale. Thibitisha: "Mnataka mfano wa uamuzi nilioupinga, sivyo?" Binti yule angesema sentensi hiyo moja tu, angeitoa ile hadithi ya hati.

Mjue pia kwamba baadhi ya majopo yanatumia maswali yaliyoandikwa, ili kila msailiwa aulizwe kitu kile kile. Hapo msaili anaweza kuruhusiwa kulisoma tena lakini asiruhusiwe kulifafanua. Msidhani anawachukia. Lieleze swali kwa maneno yako mwenyewe, na uanze kujibu kwa kutaja ulivyolielewa.

Uliza kabla hujaanza kujibu. Ukishazungumza dakika mbili ndipo useme hukuelewa, umepoteza muda wako na wao. Na msifanye kuuliza kuwa mazoea ya kila swali. Mara moja au mbili katika usaili mzima hakuna mtu mwenye busara atakayeshangaa. Kama tatizo ni simu au kompyuta inayokatakata, lisemwe tangu dakika ya kwanza, lisije likaonekana ni udhaifu wa lugha.

Lakini mtayatoa wapi maneno hayo mkiwa na hofu? Hofu huanza kula lugha ya pili kabla ya ile ya mama. Kwa hiyo yafanyieni mazoezi kwa sauti mpaka yatoke bila kuyatafuta. Mtafute mwenzako akusomee maswali haraka, au kwa kumung'unya maneno makusudi, nawe uzoee kumsimamisha kwa adabu. Kusoma kimyakimya hakufundishi ulimi.

Mengine nayataja kwa ufupi. Andaa visa vinne au vitano vya kazi yako, uvikumbuke kwa maneno machache ya kukuongoza. Aliyekariri aya nzima akipoteza neno moja huanguka nayo yote. Jizoeze kutamka tarehe, kiasi na majina ya vifaa vya kazi yako katika lugha hiyo. Ukihitaji kufikiri, sema, "Naomba nifikirie kidogo," kisha nyamaza kweli.

Nasi wazee tuna deni hapa. Tunawaambia watoto kuuliza si ujinga, kisha darasani tunamcheka anayekosea lugha ya kigeni, na mwalimu anamkaripia anayeomba kurudiwa. Anakua akijua kwamba usalama ni kutikisa kichwa. Na ninyi wenzangu mnaosaili, acheni kusoma swali refu lenye vipande vitatu kwa pumzi moja, kisha kumhukumu mtu kwa kusahau kipande cha pili. Mnapima kumbukumbu yake katika lugha ngeni, wakati nafasi mliyoitangaza ni ya mtunza stoo.

Binti yangu wa stoo, kama unasoma haya, usaili mwingine ukikuita, ile hadithi ya hati ianze kwa kueleza mzigo ulipungua kiasi gani, nani alikuhimiza, ulimjibu nini, na nini kilifuata. Isemee mtu kwa sauti kabla ya siku yenyewe.