Kufupisha mhadhara wa udhibiti wa sukari katika damu
Ndugu wanakikundi,

Tunapofupisha nakala ya mhadhara kuwa ukurasa mmoja wa kujiandalia mtihani wa biolojia, tubakize fasili na minyororo ya sababu na matokeo pekee. Mnyororo mkuu ni huu: glukosi hupanda katika damu → kongosho hutoa insulini → ini na misuli huchukua glukosi na kuihifadhi kama glikojeni → glukosi hushuka → utoaji wa insulini hupungua. Hatua ya mwisho isiachwe, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha mrejesho hasi.

Fasili za glukagoni, ambayo ni homoni, na glikojeni, ambayo ni wanga wa akiba, ziwekwe jirani kwa sababu huchanganywa kwa urahisi. Kila mshale usioweza kuelezwa umepungukiwa kiungo. Kitafutwe katika nakala.