YAH: Rasimu ya ripoti kufunikwa na uhifadhi wenu wa kiotomatiki

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa kulipia, na Jumanne iliyopita nilipoteza kazi ya takriban saa nne katika programu yenu ya wavuti, ilhali umeme haukukatika, mtandao haukuzima, wala sikubonyeza kitufe chochote cha kufuta.

Ilikuwa hivi. Saa 3 asubuhi nilifungua rasimu ya ripoti ya mradi wa maji, ikiwa na maneno kama 1,900. Saa moja baadaye mfumo wenu ulinitumia barua pepe kwamba mwenzangu ametoa maoni; nikabofya kiungo, nacho kikaifungua rasimu ileile katika kichupo cha pili. Nikaendelea kuandika humo hadi saa 8 mchana, maneno yakafika 4,300. Nilipokuwa nafunga vichupo nilipita kwenye kile cha kwanza, nikaona koma imesahaulika katika utangulizi, nikaiweka. Baada ya sekunde chache pakatokea neno "Imehifadhiwa". Koma hiyo moja ilinigharimu maneno 2,400.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakati huo kichupo cha pili kilikuwa bado na maandishi yote. Nilipoona kwenye orodha ya rasimu kwamba idadi ya maneno imeshuka, nilishtuka, nikarudi humo na kubonyeza F5 ili nihakikishe, kikavuta nakala ya zamani kutoka kwenye seva na kuitupa ile mpya.

Kwa kuwa nimewahi kutengeneza mifumo ya aina hii, nilifungua zana za wasanidi za kivinjari nikaangalia kinachotumwa. Sekunde 10 baada ya mabadiliko yoyote, hata ya herufi moja, kichupo hutuma ombi la `PUT` lenye maandishi yote ya rasimu kama kinavyoyajua chenyewe, na seva hujibu `200`, yaani imekubali, bila kuuliza maandishi hayo yalianzia toleo lipi. Basi anayehifadhi mwisho ndiye anayeshinda, hata kama alichonacho ni cha asubuhi.

Mhudumu wenu alinijibu kwa upole kwamba nisifungue rasimu moja katika vichupo viwili. Siwezi kuukubali ushauri huo, maana kichupo cha pili kilifunguliwa na kiungo chenu wenyewe. Hata mkiamua kuvifanya vichupo vijulishane kwa `BroadcastChannel`, jambo ambalo lingefaa kama onyo la mapema, njia hiyo huishia ndani ya kivinjari kimoja. Mtu aliyeacha rasimu wazi kwenye kompyuta ya ofisini kisha akaendelea kwa simu atapatwa na yaliyonipata. Ulinzi wenyewe lazima uwe kwenye seva, na si mgumu: kila rasimu iwe na namba ya toleo, kichupo kiitume namba kiliyoanzia, na hifadhidata ikubali pale tu namba hizo zinapolingana.

```
UPDATE rasimu
SET maandishi = :mapya, toleo = toleo + 1
WHERE id = :id AND toleo = :toleo_langu;
```

Kichupo changu cha kwanza kingetuma toleo la asubuhi, pasingekuwa na safu ya kubadilishwa, na seva ingejibu `409`, yaani kuna mgongano, badala ya `200`. Seva ikikubali, imrudishie mtumaji namba mpya, na kichupo kisubiri jibu hilo kabla ya kutuma tena, la sivyo kitagombana na nafsi yake na kumwonya mtu ambaye yuko peke yake. Jibu la `409` nalo lisiishie kwenye maneno mekundu ya "hitilafu imetokea". Kichupo kiache kuhifadhi papo hapo, maandishi yaliyokataliwa yawekwe kama rasimu ya pembeni, na mwandishi aonyeshwe zote mbili achague. Mfumo usijaribu kuziunganisha wenyewe. Aya mbili za ripoti zinazosema jambo moja kwa namna mbili haziunganishwi na mashine bila kuharibika.

Kuhusu rasimu yangu, niliambiwa kwamba nakala rudufu huchukuliwa usiku. Nakala hiyo hainisaidii, kwa kuwa maneno yale yalizaliwa na kufunikwa mchana wa siku ileile. Hata hivyo yalifika kwenye hifadhidata yenu mara nyingi kati ya saa 4 na saa 8, hivyo huenda bado yamo katika kumbukumbu za miamala, ambazo kwa kawaida hufutwa baada ya muda. Naomba mafundi wenu wazizuie zisifutwe leo hii, kisha wairejeshe rasimu kama ilivyokuwa kabla ya saa 8 mchana, na wanitumie kama faili tofauti, si kwa kuiweka juu ya iliyopo, kwa sababu nimeshaanza kuiandika upya.

Naomba pia jibu la maandishi ndani ya siku 7 likieleza ni lini ukaguzi wa toleo utawekwa. Hadi hapo ripoti zangu nitaziandika kwenye kompyuta yangu, na malipo ya mwezi ujao nimeyasitisha.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu