Barua ya wazi kwa vijana wa Lubumbashi wanaoomba kazi ya kufundisha dini

Jambo yenu, vijana wangu.

Kila mwaka mwezi wa nane ukiingia, mnaanza kuniletea barua zenu nizisome kabla hamjazipeleka shuleni. Mnajua nilifundisha dini katika shule za Kanisa hapa mjini mpaka nikastaafu, na nimeketi pia upande wa pili wa meza, pamoja na prefe na padri, tukizipitia dosye za waombaji. Nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, maana penye udhaifu ni palepale kila mara: pale mnapotaka kusema kwamba mtawatendea haki wanafunzi wote.

Karibu wote mnaandika hivi: “Nitawahudumia wanafunzi wote kwa usawa, bila ubaguzi wa dini, kabila wala jinsia.” Hakuna ubaya ndani yake. Shida ni kwamba dosye iliyo juu ya yenu na iliyo chini yake zimeandika hivyohivyo, na aliyeandika huenda hajawahi kufikiria darasa lenyewe. Prefe anataka kujua jambo dogo zaidi. Katika darasa la 8 kuna mtoto wa Bapostolo, kuna Mmetodisti, kuna wa kanisa la uamsho, kuna Mwislamu mmoja nyuma karibu na dirisha. Wewe Mkatoliki umeshika chaki, somo ni dini. Utafanya nini?

Kwanza mjue mnamwandikia nani. Shule nyingi mnazozililia ni za konvansyone. Mwishoni mwa 1974 serikali ya Mobutu ilizichukua shule za makanisa, na somo la dini likaondolewa. Tarehe 26 Februari 1977 serikali na makanisa wakatia sahihi mkataba: shule zinabaki za umma, lakini Kanisa linazisimamia. Ndiyo maana tuna za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu na za Waislamu, na ndiyo maana mtoto wa jirani asiye wa kanisa lenu ana haki ya kukaa kwenye benchi lile. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 45, inakataza kumbagua mtu shuleni kwa sababu ya dini yake. Lijueni hilo, lakini msimtupie padri namba ya kifungu katika barua ya kuomba kazi. Nimewahi kuona barua ya namna hiyo, na ilisomeka kama hati ya kuitwa mahakamani.

Kwa shule ya Kikatoliki, msingi wa haki mnaoutafuta umo ndani ya nyumba yao wenyewe. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 804, inataka mwalimu wa dini awe na mafundisho sahihi, mwenendo wa Kikristo na ujuzi wa kufundisha. Kanuni ya 805 inampa askofu haki ya kumteua au kumkubali mwalimu huyo. Kwa hiyo barua ya paroko wako si karatasi ya kujazia dosye. Lakini sheria hiyohiyo, kanuni ya 748, inasema hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha mtu aikubali imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake. Na tarehe 5 Mei 2009 ofisi ya Roma inayoshughulikia elimu iliwaandikia maaskofu kwamba somo la dini shuleni na katekesi ya parokia ni vitu viwili, ingawa vinasaidiana. Katekesi humlea anayeamini ili akue katika imani yake. Somo la shule humpa mwanafunzi maarifa juu ya imani hiyo. Aliyeelewa tofauti hiyo anaweza kuandika aya nzuri ya haki bila kuonekana kama amekuja kupigana na shule.

Sasa niwaonyeshe barua moja. Binti mmoja wa Katuba, mwenye lisansi yake, aliniletea barua yenye ile sentensi ya kila mtu. Nikamwuliza kama wakati wa staji aliona jambo lolote lililomsumbua kuhusu watoto wasio Wakatoliki. Akafikiri kidogo, kisha akaniambia habari ya enterogasyo moja.

Somo lilikuwa Msamaria Mwema, na enterogasyo ilikuwa ya pointi 10. Swali la kwanza, pointi 4: simulia ni nani waliopita njiani na kila mmoja alifanya nini. La pili, pointi 3: kwa nini wasikilizaji wa Yesu walishangaa kusikia kwamba aliyesaidia ni Msamaria? La tatu, pointi 3: eleza jinsi komunyo yako ya kwanza ilivyokufundisha kuwapenda wengine. Aliyelitunga ni mwalimu wa zamani wa darasa hilo, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini binti aliposahihisha aliona karatasi kadhaa ziko wazi kwenye swali la tatu. Wengine wameandika uongo, komunyo ambayo hawajawahi kuipokea. Mmoja, mtoto hodari, alijibu mawili ya kwanza bila kosa, akabaki na 7.

Tupige hesabu ya buletini, kwa sababu ndipo haki inapoonekana. Dini ina pointi 10 kwa kila periode, na muhula una periode mbili; ongezeni 20 za mtihani wa muhula, yaani 40 kwa muhula na 80 kwa mwaka wa mihula miwili. Kama kila mara sehemu tatu kati ya kumi zimefungwa kwa asiye Mkatoliki, basi mtoto huyo, hata akijua kila kitu, atamaliza mwaka na 56 kati ya 80. Pointi 24 zimekwenda, na hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Baba yake ataona 56 atasema mtoto mvivu.

Binti aliomba ruhusa akabadilisha swali la tatu kwa darasa lililofuata: “Mtaje mtu wa mtaani kwenu aliyemsaidia mtu ambaye wengine walimpita, na ueleze anafanana na yupi katika simulizi hii, na kwa nini.” Bado ni Injili. Bado linampima mtoto kama ameelewa. Ila sasa kila mmoja darasani anaweza kupata 3, na kila mmoja anaweza kupata sifuri akiwa hakusoma.

Nikamwambia hiyo ndiyo aya yake. Barua yenyewe tuliiweka kwa Kifaransa, ndiyo desturi ya ofisi zetu, lakini maana yake ilikuwa hii:

“Mimi ni Mkatoliki, na nitafundisha programu ya dini kama ilivyopangwa na Kanisa. Najua darasani kutakuwa na watoto wa makanisa mengine na Waislamu. Wote nitawafundisha yaleyale, na wote nitawapima kwa yale waliyofundishwa, si kwa misa waliyohudhuria wala sakramenti walizopokea. Wakati wa staji niligundua swali moja katika enterogasyo ambalo mtoto asiye Mkatoliki hawezi kulijibu hata akiwa amesoma. Kwa idhini ya mwalimu wangu nililibadilisha, bila kuliondoa somo katika Injili. Nakala ya enterogasyo zote mbili nimeiambatanisha.”

Angalieni mpangilio wake. Imani yake imetangulia, kwa sentensi moja, bila kujificha na bila mahubiri. Halafu ahadi inayoweza kuchunguzwa: prefe akitaka kujua kama anaitimiza, atafungua daftari lake la pointi. Halafu jambo alilolifanya kweli, na karatasi ya kulithibitisha. Na mwalimu wa staji hakuchafuliwa jina, jambo ambalo msomaji wa upande wa pili huliangalia sana, kwa kuwa kesho atakayesemwa ni yeye.

Asiye na kisa cha staji asijitungie. Achukue somo moja la programu, atunge enterogasyo ya pointi 10, aiambatanishe. Njia ya kujichunguza ni rahisi: soma kila swali kana kwamba wewe ni yule mtoto wa karibu na dirisha, umesoma daftari lako usiku kucha. Je, kuna swali ambalo daftari haliwezi kukujibia? Na ukishapata darasa, ukisahihisha panga karatasi swali kwa swali. Swali likiachwa wazi na watoto walewale kila mara, lichunguze lenyewe kabla hujawalaumu wao.

Kuna ahadi zinazoharibu barua. Msiandike kwamba mtafundisha dini zote sawasawa, kwa maana programu si yenu, na shule iliyotangaza nafasi inataka programu yake ifundishwe. Msiandike kwamba mtawaruhusu watoto wasiende misa ya shule. Hilo ni la uongozi wa shule na wazazi, na mwalimu mpya akiliahidi anaonekana amevaa kofia ya prefe. Tena msiwaahidi wasio Wakatoliki huruma ya pointi. Mtoto anayepewa 6 za bure kwa sababu “huyu si wetu” amebaguliwa pia, na wenzake wanaliona haraka kuliko mnavyodhani.

Kuhusu umbo sitasema mengi, mmefundishwa. Ukurasa mmoja. Kama nakala inakwenda kwa mratibu wa shule za Kikatoliki, iandikwe juu, mahali pake. Habari za mshahara ziacheni nje ya barua, ingawa najua wengi wenu mtakaa muda mrefu kabla serikali haijawaingiza kwenye orodha yake ya malipo. Hayo mtayauliza ana kwa ana.

Mkiitwa kwa mahojiano, jiandaeni kwa swali ambalo padri hulipenda, na mimi nimelisikia likiulizwa: mwanafunzi anainua mkono na kusema, “Mchungaji wetu anasema Wakatoliki wanamwabudu Maria.” Wapo wanaojibu kwa kumshambulia mchungaji, na wapo wanaosema kila mtu ana ukweli wake. Majibu hayo mawili yamewanyima watu kazi mbele yangu. Anayesikilizwa ni yule anayesema: nitamshukuru kwa kuuliza, nitaeleza kwamba Kanisa Katoliki linafundisha kumwabudu Mungu peke yake na kumheshimu Maria, nitamwacha aseme wanavyofundishwa kwao kama anapenda, kisha tutarudi kwenye somo. Kama anapenda, nasema. Mtoto mmoja asifanywe msemaji wa dini yake mbele ya darasa zima kila wiki.

Na kabla hamjatoka, ulizeni enterogasyo za dini hutungwa na nani katika shule ile. Mahali pengine kila mwalimu hutunga zake. Pengine walimu wa madarasa sambamba hutunga pamoja. Wakitunga pamoja, ahadi ya barua yako utaitimizia katika kikao hicho, kwa hiyo uliza kinafanyika lini, na kama mwalimu mpya anaruhusiwa kuleta maswali.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa dini, Kamalondo