Ananiambia nimemuuza, na maneno ni yake mwenyewe

Shangazi, shikamoo. Ni saa tisa usiku na sijapata lepe la usingizi. Yule mama wa vipodozi ameniambia, "Mwanangu, umeniuza." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mimi sikumuuza mtu. Kazi yangu unaijua, nawatunzia hesabu wenye maduka madogo, na mteja mpya swali lake la kwanza ni "umemfanyia nani?" Bila ushahidi kwenye ukurasa nitakula nini? Yeye mwenyewe ndiye aliyenitumia ujumbe WhatsApp kunishukuru. Nikamuuliza, "Mama, naweza kuyatumia maneno yako?" Akanirudishia dole gumba. Hiyo si ruhusa?

Nikapiga skrinishoti, nikakata namba yake ya simu, nikaibandika Instagram pamoja na maelezo mafupi ya kazi tuliyofanya. Niliandika kwamba duka la vipodozi karibu na kituo cha daladala, nikakitaja kituo, lilikuwa linapoteza mali ya shilingi 340,000 kwa mwezi, na baada ya miezi 3 upotevu ukashuka hadi 60,000. Nikaweka na mauzo yake ya mwezi ili hesabu ieleweke. Jina sikuandika, Shangazi. Lakini pale kituoni duka la vipodozi ni moja tu.

Sasa wenzake wa kikoba wameiona. Alikuwa amewaomba wamsogezee rejesho kwa sababu biashara imeyumba, na kweli ilikuwa imeyumba, maana mauzo si faida na ana mtoto chuo. Wao wameona mamilioni ya mauzo wakamwita mwongo mbele ya kikao. Ndipo akanipigia. Umeniuza.

Rafiki yangu tunayefanya naye kazi hii hakunionea huruma. Aliniuliza, "Alipotuma dole, ulikuwa umemwonyesha nini?" Sikuwa nimemwonyesha kitu. Yeye, mteja akikubali, humwandikia kila kitu kama kitakavyoonekana, picha na tarakimu zote, anamtumia asome, kisha anauliza kimoja kimoja: jina liwepo? Mahali patajwe? Hizi namba je? Na anamwambia kitakaa wapi, na kwamba siku akisema kitoke, kinatoka. Tarakimu za fedha huziacha. Yangu angeandika tu kwamba upotevu ulishuka hadi chini ya robo ya ule wa mwanzo, na mtaa asingeutaja. Akanikumbusha kuwa hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na mtu aliyeridhia ana haki ya kuondoa ridhaa yake. Nilikasirika. Nilimwambia sheria hiyo ni ya mabenki na makampuni ya simu, si ya mimi na daftari langu. Akaniangalia tu.

Kuna lingine, sijamwambia mtu. Ujumbe wa mama ulikuwa na mstari wa mwisho: "ila siku ile ulichelewa kuniletea hesabu nikakosa kuagiza mzigo." Niliukata. Na ule upotevu haukushushwa na mimi peke yangu. Mimi nilianzisha kuhesabu bidhaa 20 zinazotoka haraka kila Jumamosi jioni na kulinganisha na daftari la mauzo, lakini mwezi huohuo yeye alibadilisha kufuli la stoo na kumwondoa kijana wa dukani. Nikaandika "nimeokoa 280,000 kwa mwezi." Nimeokoa mimi! Sijui kipi kilifanya nini, hakuna anayeweza kujua, vyote vilikuja pamoja. Lakini kuhesabu tulihesabu kweli, Shangazi, hilo sikudanganya.

Jana usiku niliifuta posti. Alfajiri nikairudisha bila kutaja kituo, kwa sababu kuna mwenye duka la dawa aliyenipata kupitia hiyohiyo na bado hajaamua. Saa nne nikaifuta tena. Hata hivyo wa kikoba wanayo kwenye simu zao, hiyo siwezi kuifuta.

Nimebaki na shuhuda nyingine 4. Mmoja nilimpunguzia 20,000 ili aniandikie vizuri, na ukurasani sikusema kwamba nilimpunguzia. Nizitoe zote nianze sifuri? Au niwarudie mmoja mmoja na maandishi kamili, pamoja na yale niliyoyakata?

Na yule mama. Nataka kwenda kwake Jumamosi, nipige hodi, niombe radhi, na kama atakubali niende naye kwa wale wa kikoba niwaeleze kwamba mauzo si faida. Nimeshaandika upya, bila mahali, bila fedha, kufuli na kijana vimo, kuchelewa kwangu kumo. Karatasi iko kwenye pochi. Nimwonyeshe siku hiyohiyo nimwombe idhini, au nikiitoa tu hiyo karatasi nitakuwa nimemuuza mara ya pili?