Barua kwa vijana wa karakana: kabla hamjasajili jina

Wanangu mafundi,

Nasikia mnakwenda BRELA kusajili jina la biashara, watatu kwa pamoja, na mnasema mkipata cheti mtakuwa na kampuni. Sivyo. Cheti kile kinaonyesha tu ni nani walio nyuma ya jina. Deni linabaki kuwa lenu. Mtu akifanya biashara peke yake, anayemdai anaweza kufuata hadi kiwanja chake. Mkiwa watatu mnaogawana faida, huo ni ubia, na hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni.

Tuseme mmoja wenu amechukua mabomba na bati za milioni 9 kwa mali kauli, akasaini kwa jina la karakana, kisha akatoweka. Ninyi wawili hamkuwa na habari. Kwa kuwa kununua vyuma ni kazi ya kawaida ya karakana, saini yake imewafunga wote. Mtasema mliandikiana kwamba mkopo wowote unahitaji saini mbili. Muuzaji asiyejua makubaliano hayo hayamhusu. Wala msidhani kila mmoja atadaiwa milioni 3 zake. Muuzaji anaweza kumbana mmoja tu alipe zote 9, na kwa kawaida atamchagua mwenye mali. Huyo akishalipa, ndipo aanze kuwasaka wenzake wamrudishie mafungu yao.

Kujitoa nako kuna utaratibu. Madeni ya siku ulizokuwemo yanakufuata. Hata yanayokuja baadaye yanaweza kukufikia, kama muuzaji wa siku zote anadhani bado umo. Mjulishe kwa maandishi, ubaki na nakala yenye saini yake ya kupokea, kisha urekebishe taarifa kwa msajili.

Kampuni ya hisa ni mtu mwingine mbele ya sheria. Mkinunua hisa za milioni 1 kila mmoja na kuzilipia zote, deni la vyuma ni la kampuni. Kama mali yake yote ni mashine na fedha za milioni 4, muuzaji atazipata hizo, na milioni 5 zilizobaki hawezi kuwadai ninyi. Hisa ambayo hamjailipia, hiyo mtadaiwa. Gharama yake ni hesabu na taarifa za kila mwaka kwa msajili, kazi ambayo jina la biashara halina.

Lakini benki inaijua kinga hiyo. Ikiikopesha kampuni changa, huweka mbele ya wakurugenzi karatasi ya pili, ya dhamana binafsi. Ukiisaini, kwa mkopo ule umerudi pale pale kwenye kiwanja chako. Isomeni kabla ya kushika kalamu: je, mnadhamini kiasi maalumu, au kila deni la kampuni, la leo na la kesho? Ombeni kiasi kitajwe. Na vyuma mnapoagiza, oda iandikwe kwa jina kamili la kampuni, na chini ya saini muandike "Mkurugenzi". Oda yenye jina lako tupu ni deni lako.

Mzee wenu