YAH: MALALAMIKO KUHUSU NJIA YA MTEREMKO, MEZA NA CHOO KATIKA MGAHAWA WENU

Meneja wa Mgahawa,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Bango lenu lina picha ya kitimwendo, lakini anayekuja na kitimwendo hawezi kuingia bila kubebwa.

Mlangoni pana ngazi tatu za sentimita 15, yaani kimo cha sentimita 45. Njia ya mteremko mliyojenga ina urefu wa mita 1.8 tu. Kipimo kinachokubalika ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, hivyo ilipaswa kuwa na mita 5.4. Kwa mwinuko wa sasa, magurudumu madogo ya mbele hunyanyuka na kiti hutaka kupinduka nyuma. Wahudumu hukimbilia kukinyanyua kwa kushika sehemu za kuegemeza mikono, wasijue kwamba kwenye viti vingi sehemu hizo huchomoka. Marumaru zinazong'aa mlizoweka juu yake ndizo mbaya kuliko yote, maana mvua ikinyesha hata mzee mwenye mkongojo huteleza.

Nafasi ipo. Ukuta wa mbele una mita 9, kwa hiyo mteremko ujengwe sambamba nao, upana mita 1.2, na juu pawe na sakafu tambarare ya mita 1.5 mbele ya mlango ili mtu aweze kusimama na kufungua. Juu iwe saruji iliyokwaruzwa kwa ufagio. Pande zote mbili ziwe na bomba la kushikilia kwenye kimo cha sentimita 90, ambalo wazee watalitumia kuliko yeyote.

Ndani, meza zenu zina mguu mmoja wa katikati wenye chuma cha msalaba. Sehemu ya kukanyagia ya kitimwendo hugota hapo, mgeni akala akiwa mbali na sahani. Meza mbili za miguu minne, zenye uwazi wa sentimita 70 chini yake, zinatosha kwa kuanzia. Wazee nao wapewe viti vyenye mikono. Yale makochi ya chini mnayowakaribishia kwa heshima, wakishakaa hawainuki.

Choo kikubwa mmekigeuza stoo ya kreti za soda. Mkishaziondoa, geuzeni bawaba ili mlango ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani mwili wake huuzuia.

Viti vya watoto havina mkanda wa kupita katikati ya miguu, na bila huo mtoto huteleza chini ya trei. Tena vimepangwa kwenye njia ya kutoka jikoni, supu ya moto ikipita juu ya vichwa vyao.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawahusu. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 21, yakitaja tarehe ya kuvunja mteremko huo. Kreti na viti vya watoto vinaweza kuhamishwa leo.

Wenu,
Wateja, mafundi ujenzi