Usiandike "fungua breka" katika taratibu za kituo cha umeme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotafsiri taratibu za kuzima na kuwasha mitambo katika vituo vya kupoza umeme. Kosa la hatari kuliko yote limo katika vitenzi viwili ambavyo mtafsiri huviandika bila kusita: fungua na funga.

Kwa mhandisi, breka, yaani swichi kubwa ya kukata umeme, ikifunguliwa haipitishi umeme. Kwa watu wengine wote, ukifungua bomba maji yanatoka na ukifungua redio inasema. Kwa hiyo "fungua breka" inaweza kueleweka kinyume kabisa na opereta makini. "Funga" ni mbaya zaidi, kwani hubeba maana nne: kukutanisha visu vya swichi ili umeme upite, kuzima, kutia kufuli, na kusimika kifaa, kama fundi anavyofunga mita. Ukiandika "funga swichi ya erthi", ile inayounganisha laini na ardhi, mmoja ataiingiza kwenye laini, mwingine ataitia kufuli kama alivyoikuta. Huyu wa pili ataondoka akiamini ametekeleza, na mafundi watapanda kwenye laini isiyo na erthi.

Wapo wanaokimbilia "tenganisha" na "unganisha". Kwenye karatasi yanasomeka vizuri, lakini amri nyingi hupita kwenye redio ya mawasiliano. Anayebonyeza kitufe na kusema papo hapo hupoteza silabi ya kwanza, na upande wa pili husikia "...nganisha".

Napendekeza breka iwe na "kata", aisoleta, yaani swichi ya visu inayotenga kifaa na umeme, iwe na "tenga", na kuzirudisha kuwe "unganisha". Erthi huwekwa na kuondolewa. Kufuli hupigwa, tena katika hatua yake yenyewe. Breka na aisoleta nimezipa vitenzi tofauti makusudi: aisoleta haikuundwa kukata mkondo wa mzigo, na ikivutwa wakati fida, yaani njia ya kutoa umeme kituoni, imebeba mzigo hutoa moto mkali unaoweza kumuunguza opereta. Akiona "tenga" kabla ya "kata", opereta ajue mara moja kwamba karatasi ina kosa.

Tuchukue fida ya msongo wa kilovolti 33, ambayo breka yake ni Q0, aisoleta ya basiba, ile nondo kuu inayogawa umeme kituoni, ni Q1, ya laini Q9, na swichi ya erthi Q8. Utaratibu usomeke hivi:

Kata Q0. Hakikisha ampea ni sifuri katika fezi zote tatu.
Tenga Q9. Tazama visu vyote vitatu vimeachana. Piga kufuli Q9.
Tenga Q1. Tazama visu vyote vitatu vimeachana. Piga kufuli Q1.
Pokea uthibitisho kwamba upande wa pili wa laini umetengwa na kupigwa kufuli.
Pima laini, fezi zote tatu. Jaribu kipimo kabla na baada ya kupima.
Weka erthi Q8. Tazama visu vyote vitatu vimeingia. Piga kufuli Q8.

Jina la kifaa limerudiwa kila mahali, na lisifupishwe. Mtafsiri anayependa sentensi nyororo huandika "ikishatengwa, ipimwe kisha iwekwe erthi". Lakini fida, laini, transfoma, breka na aisoleta zote huchukua "i-". Hiyo "i-" ni ipi? Erthi ikiwekwa upande wa basiba yenye umeme, hiyo ni shoti.

Hati inayowaruhusu mafundi kuanza kazi nayo ina mtego wake. "Kibali cha kazi" kwa wengi ni karatasi ya mgeni ya kuajiriwa nchini, hivyo naona "hati ya ruhusa ya kazi" inafaa zaidi. Usiandike kamwe "kufunga hati", maana pale mwisho kuna saini mbili. Kwanza msimamizi wa mafundi hurejesha hati, akithibitisha kwamba watu, zana na erthi za mkono walizoweka wenyewe vimetoka, na kwamba kila fundi ameambiwa si salama tena kugusa laini. Kisha aliyeitoa huibatilisha. Q8 huguswa baada ya saini ya pili tu. Neno moja likitumika kwa saini zote mbili, opereta akisikia kwenye redio kwamba "hati imefungwa" anaweza kuondoa erthi mapema.

Mwisho ni saa. Mtafsiri huliacha "08:00" la Kiingereza likawa "saa 8:00". Mkandarasi mgeni anaona saa mbili asubuhi, opereta wa zamu anaona saa nane mchana, na wote wawili wametia saini. Hati iandikwe kwa mtindo wa saa 24 pekee, bila neno "saa" mbele yake, na redioni isomwe tarakimu moja moja: sifuri, nane, sifuri, sifuri.

Mhandisi wa vituo vya kupoza umeme,
Morogoro